Herufi Moja au Mbili: Majina ya Kiganda katika Vyeti na Fomu

Kabaka aliyempokea John Hanning Speke mwaka 1862 ameandikwa kwa namna tatu katika vitabu vya historia tunavyovisoma. Speke mwenyewe, na Stanley baada yake, waliandika Mtesa. Wamisionari na watawala wa kizazi kilichofuata waliandika Mutesa. Leo hii, ukiandika insha ya Luganda, mwalimu atakusahihisha uandike Muteesa. Mtu ni yuleyule na ikulu ni ileile. Bahati yake ni kwamba hakuwahi kuomba pasipoti.

Raia wa Uganda wa sasa hana bahati hiyo. Cheti cha darasa la saba kikisema Semakula na kitambulisho cha taifa kikisema Ssemakula, karani wa chuo au wa benki ana haki ya kuuliza kama hao ni watu wawili. Mara nyingi lawama humwangukia aliyejaza fomu, kwamba alikuwa mzembe. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba, kwa majina ya Kiganda angalau, uzembe ni sehemu ndogo ya habari. Tahajia nyingi zinazogombana leo zilikuwa sahihi siku zilipoandikwa, kila moja kwa kanuni ya wakati wake. Tena mara nyingine anayeharibu ni yule anayezijua kanuni vizuri kuliko wenzake.

Tuanze na Mtesa, kwa sababu hapo Kiswahili chetu kimo ndani. Speke aliingia Buganda akitokea pwani, na watu aliofuatana nao na kuzungumza nao walikuwa wasemaji wa Kiswahili. Alichokisikia kwao ndicho alichokiandika. Msemaji wa Kiswahili husema mtu pale Mganda anaposema omuntu, kwa hiyo Mu- ya Muteesa ikawa M- tu. Vivyo hivyo, nchi ambayo wenyewe huiita Buganda ikawa Uganda, kwa kiambishi cha Kiswahili cha U-, na Bunyoro ikawa Unyoro. Waingereza walipochora ramani waliyakuta majina tayari yameshavishwa kanzu ya pwani. Jina la nchi yenyewe basi ni tahajia ya Kiswahili ya jina la Kiganda, na hakuna aliyelisahihisha.

Stanley alipoondoka Buganda mwaka 1875 alimwacha katika ikulu kijana Dallington, aliyesomeshwa na wamisionari Unguja, awe msomaji na mwandishi wa Kabaka. Jina la pili la kijana huyo limeandikwa na wanahistoria wengine Maftaa na wengine Muftaa. Mwandishi wa kwanza wa ikulu kutumia herufi za Kirumi amekuwa naye mtu wa majina mawili.

Wamisionari wa Kiprotestanti walifika mwaka 1877 na Mapadri Weupe wa Kikatoliki mwaka 1879. Kila upande ulisomesha, ulibatiza na kuandika katika daftari zake. Kwa familia nyingi karatasi ya kwanza yenye jina la mtu wa ukoo wao ilikuwa kadi ya ubatizo, na aliyeishika kalamu alikuwa padri, mchungaji au katekista. Hapo tahajia mbili zilizaliwa kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya jina la dini: Mkatoliki akiwa Yozefu, Mprotestanti mwenye jina hilohilo la Biblia alikuwa Yusufu, na shule ya Kiingereza ikawageuza wote wawili kuwa Joseph. Ya pili ilikuwa ya jina la Kiganda lenyewe, na hiyo ndiyo inayotusumbua zaidi.

Ugumu wake ni huu. Katika Luganda, urefu wa sauti unabadilisha maana, na hii ni kwa irabu na konsonanti pia. Okusiga ni kupanda mbegu, okusiiga ni kupaka. Okuta ni kuachilia, okutta ni kuua. Msemaji wa Kiswahili au wa Kiingereza anayesikiliza kwa mara ya kwanza hasikii tofauti ya hiyo t na hiyo tt, kwa sababu lugha yake haitumii tofauti hiyo kutenganisha maneno. Ndiyo maana waandishi wa mwanzo waliandika Kagwa, Semakula, Waswa, Serwada. Apolo Kagwa, Katikkiro maarufu na mmoja wa waliotia sahihi Mkataba wa mwaka 1900, aliandikwa kwa g moja. Kitabu chake cha historia ya wafalme kilitoka mwaka 1901 kikiwa na neno Basekabaka katika jina lake. Leo wanafunzi wa Luganda wanaandika Bassekabaka, na mwandishi wanamwita Kaggwa. Anayetafuta katika katalogi ya maktaba kwa tahajia moja tu anaweza kukosa nusu ya anachotafuta.

Mwaka 1947 tahajia sanifu ya Luganda ilikubaliwa katika mkutano uliowakutanisha Waganda wa pande zote. Konsonanti inayokazwa iandikwe mara mbili. Irabu ndefu nayo iandikwe mara mbili, isipokuwa pale ambapo urefu wake unajulikana kutokana na herufi jirani. Herufi r iandikwe baada ya e na i, na kwingineko iandikwe l. Kamusi na vitabu vya sarufi vilivyofuata vilitumia kanuni hizi, kikiwemo kile cha mwaka 1954 ambacho mwandishi wake wa kwanza ni E. O. Ashton, huyohuyo ambaye sarufi yake ya Kiswahili bado iko katika rafu za maktaba za vyuo vyetu.

Kama kanuni ya lugha, nadhani ilikuwa kazi nzuri. Inaeleza kwa nini tunaandika Mulira na Babirye, na kwa nini Lwanga ina a moja ingawa masikio yanasikia ndefu: irabu iliyo mbele ya n na konsonanti nyingine huwa ndefu daima, kwa hiyo haihitaji alama. Lakini kanuni ilipitishwa kwa ajili ya maneno, na majina ya watu yalikuwa yameshaandikwa. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba akibadilisha kadi za ubatizo. Hati za ardhi ya mailo, zilizotokana na Mkataba wa 1900, zilibaki na majina kama yalivyoandikwa. Watu wazima waliendelea kutia sahihi walivyozoea. Mwanahistoria Semakula Kiwanuka alichapisha historia yake ya Buganda mwaka 1971, robo karne baada ya kanuni mpya, na jina lake juu ya jalada lina s moja. Hakukosea. Jina ni lake.

Watoto waliokwenda shule baada ya 1947 ndio walioanza kuandika Ss na gg. Katika familia moja ikawezekana kaka mkubwa awe na tahajia ya katekista na mdogo wake awe na ya mwalimu. Kwa miaka mingi jambo hili halikumdhuru mtu. Kijijini ulijulikana kwa uso, kwa ukoo na kwa mzazi wako, na mwenyekiti wa kijiji alipoandika barua ya utambulisho alikuwa anamtambulisha mtu anayemjua, si mfuatano wa herufi.

Hali ilibadilika mwaka 2014, serikali ilipoanza kuandikisha raia wote kwa ajili ya kitambulisho cha taifa. Mwaka uliofuata sheria ya usajili wa watu iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Utambulisho na Usajili, NIRA. Maofisa waliokaa mezani walitoka kila sehemu ya nchi, na kila mmoja alikuja na sikio lake. Anayetoka magharibi, ambako lugha zinapenda r, anaweza kuandika Murindwa pale Mganda anapoandika Mulindwa. Mwaka 2017 laini za simu zilipotakiwa zihakikiwe kwa kitambulisho hicho, wengi waligundua kwa mara ya kwanza kwamba jina lao la simu na jina lao la taifa havifanani. Kompyuta haijui kwamba Kagwa na Kaggwa ni neno moja katika tahajia mbili. Inahesabu herufi, na kwake herufi moja ikizidi ni mtu mwingine.

Tuchukue kisa kimoja tukifuate hadi mwisho. Mtu wake ni wa kubuni, lakini jina ni la kawaida: Sserwadda. Lina sehemu mbili ambapo tahajia ya zamani na ya sasa zinatofautiana, yaani s ya mwanzo na d ya mwisho. Kila sehemu inaweza kuandikwa kwa herufi moja au mbili, kwa hiyo jina hilo moja lina sura nne: Serwada, Sserwada, Serwadda na Sserwadda. Ukiongeza kwamba mwenyewe anaweza kuitwa Joseph au Yozefu, sura ni nane. Ukiongeza kwamba fomu moja inatanguliza jina la ukoo na nyingine jina la dini, ni kumi na sita, na bado hakuna mtu aliyekosea kwa maana ya kawaida ya neno hilo.

Babu alibatizwa miaka ya 1930 kama Yozefu Serwada, na hati yake ya ardhi inasema hivyo. Baba aliandikishwa mwaka 2014 na kitambulisho chake kinasema Serwadda. Kijana mwenyewe ana cheti cha kuzaliwa kilichofuata kitambulisho cha baba, yaani Serwadda. Lakini alipofika darasa la saba, mwalimu aliyekuwa akitayarisha orodha ya watahiniwa alilitazama jina, akaona s moja mwanzoni, na kwa kuwa alisomea Luganda akajua kwamba sivyo linavyoandikwa. Akaongeza s. Cheti cha Baraza la Mitihani la Kitaifa, UNEB, kikatoka na Sserwadda, na mitihani ya sekondari ikafuata cheti hicho.

Huyo ndiye mjuzi niliyemtaja mwanzoni. Mwalimu asiyejua kanuni ya 1947 angenakili kilichopo na pasingekuwa na tatizo. Nalisema hili kwa sababu sisi tunaosoma lugha ndio tutakaopewa kazi za kuandaa orodha, kuhariri na kusahihisha, na mkono wetu unawasha tukiona neno lililoandikwa kizamani. Swali la kujiuliza mbele ya jina si kama limeandikwa kwa usanifu. Ni kama limeandikwa sawa na karatasi iliyotangulia.

Kijana anapoomba nafasi ya chuo, sasa ana nyaraka mbili zinazokinzana. Hatua ya kwanza ni kuzipanga zote mezani kwa tarehe, kuanzia ya zamani kabisa, na kuandika jina kutoka kila moja herufi kwa herufi kama lilivyo. Usilisome jina, kwa sababu jicho linalolijua neno hujaza lenyewe herufi inayokosekana. Afadhali ulisome kinyumenyume, a-d-d-a-w-r-e-s-s, ili akili isipate neno la kuegemea. Kuhesabu visanduku vya fomu pia kunasaidia. Sserwadda inahitaji visanduku tisa, na ukihesabu vinane unajua kuna herufi imeanguka. Lakini kuhesabu kuna kikomo chake, kwa kuwa Sserwada na Serwadda zote zina herufi nane, na ukizilinganisha kwa idadi peke yake utadhani zinapatana.

Hatua ya pili ni kuuliza ni karatasi ipi inayoweza kusogezwa. Cheti cha mtihani kinataja jina ambalo mtahiniwa alisajiliwa nalo siku ile, na ni kumbukumbu ya tukio lililokwisha, hivyo ni kigumu sana kukibadilisha. Kitambulisho ni kumbukumbu ya mtu anayeishi na kina utaratibu wa masahihisho. Namba yake ya utambulisho, yenye herufi na tarakimu kumi na nne, inabaki kuwa daraja kati ya maandishi ya zamani na mapya. Kwa kijana wetu basi, njia nyepesi ni kusogeza kitambulisho na cheti cha kuzaliwa vielekee cheti cha shule. Jambo hili huwaudhi baadhi ya wazazi, maana mtoto anaonekana kama anaiacha tahajia ya baba yake. Nawaelewa, lakini miaka kumi na mitatu ya shule imeandikwa kwa ss.

Hapa watu wengi huchanganya hati mbili. Ukitaka kusema kwamba Serwadda na Sserwadda ni majina ya mtu mmoja, unachohitaji ni kiapo mbele ya kamishna wa viapo, kinachotaja kila tahajia na kila hati ilimo. Ukitaka kuacha jina na kushika jingine, hapo unabadili jina, na sheria ya usajili inadai tangazo katika Gazeti la Serikali, kisha kusubiri siku zisizopungua saba kabla ya kupeleka ombi. Anayetumia njia ya pili kwa tatizo la kwanza anajitengenezea mtego, kwa sababu anatangaza rasmi kwamba kabla ya siku ile aliitwa kitu kingine, na kila cheti cha zamani kinakuwa cha jina aliloliacha. Hata wakubwa hawaepuki mambo haya. Mwaka 2020, kabla ya uteuzi wa wagombea wa uchaguzi wa 2021, Rais Yoweri Kaguta Museveni aliandikisha hati iliyoliunganisha jina Tibuhaburwa, lililomo katika baadhi ya vyeti vyake vya shule, na majina ambayo nchi inamjua nayo. Yoweri, kwa njia, ndiyo sura ya huku ya Yoeli.

Kwa upande wa ardhi ya babu mambo ni mazito zaidi. Babu hawezi kuapa, yuko kaburini. Anayeomba hati ya kusimamia mirathi lazima aonyeshe kwamba Yozefu Serwada wa hati ya ardhi ndiye baba wa Serwadda wa kitambulisho na babu wa Sserwadda wa cheti cha shule. Ushahidi utatoka kwa wazee wa ukoo, kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa daftari la ubatizo la parokia, kama bado lipo na kama panya na mvua hawakulifikia kwanza. Kuna ugumu mwingine ambao fomu haziujui. Kwa desturi ya Kiganda hakuna jina moja linaloshuka kutoka baba hadi mwana. Kila mtoto hupewa jina lake kutoka katika hazina ya majina ya ukoo, hivyo Kaggwa anaweza kuwa baba wa Ssemakula na wote wakawa wa ukoo mmoja. Familia yetu ya mfano imeshafuata mtindo wa shule wa kurithi jina la baba, na ndiyo maana angalau herufi zake zinafanana.

Majirani zetu wanayo yao. Ofisa wa jeshi aliyeongoza vita vya Oktoba 1990 nchini Rwanda na kuuawa siku za mwanzo anaandikwa Rwigyema Uganda na Rwigema Rwanda, kwa sababu Kinyarwanda hakihitaji y kuonyesha sauti ambayo tahajia ya Kinyankole inaionyesha. Kenya, Ng'ang'a akikutana na mfumo usiokubali kibainishi anakuwa Nganga, na sisi tunaojua tofauti ya ng'ombe na ngoma tunajua kwamba hilo si jina lake. Lakini hayo ni mapambano ya mpakani na ya vitufe. Ya Luganda ni ya nyumbani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mapacha. Waganda huwapa mapacha majina maalumu: wa kiume wa kwanza ni Wasswa na wa pili ni Kato. Wawili hao huzaliwa siku moja, hujaziwa fomu na mzazi yuleyule, mara nyingi huketi dawati moja mbele ya mwalimu yuleyule. Kato ana herufi nne ambazo hakuna kanuni iliyowahi kuzigusa, wala ya padri wala ya 1947. Jina lake linafanana katika kadi ya kliniki, cheti cha shule na kitambulisho. Ndugu yake ni Waswa kwenye moja na Wasswa kwenye nyingine, na ndiye anayeapa mbele ya kamishna kwamba yeye ni yeye.